Somo: Kufupisha wasilisho refu kwa vipande na kuunganisha mihtasari yake

Tuchukue mfano wa kubuni: chama cha akiba na mikopo kimeandaa wasilisho la slaidi 160 kwa ajili ya mkutano mkuu wa mwaka, nawe umeombwa muhtasari wa kurasa 2. Kulifupisha kwa vipande ni rahisi. Kazi ngumu huanza pale vipande vinapokutana.

Hatua ya 1: Gawa kwa mada. Usikate kila baada ya slaidi 20, kwani jedwali linaweza kubaki kipande kimoja na maelezo yake yakaangukia kingine. Fuata slaidi za vichwa vya sehemu: taarifa ya bodi, mikopo, hesabu, bajeti, mapendekezo. Sehemu ikiwa ndefu mno, igawe pale mada ndogo inapoishia.

Hatua ya 2: Andika hoja, usiandike insha. Kwa kila kipande, orodhesha sentensi fupi zinazojitegemea, kila moja ikiwa na namba ya slaidi, tarehe inayohusika, namna takwimu ilivyohesabiwa, na hadhi yake: je, ni matokeo, lengo, pendekezo au uamuzi uliokwisha kupitishwa? Hadhi ndiyo inayosahaulika zaidi, na ikishapotea huwezi kuirudisha bila kufungua slaidi upya. Epuka maneno kama “hapo juu” au “mwaka huu”, kwa sababu yatakosa maana hoja itakapohamishwa.

Hatua ya 3: Panga upya kwa somo. Weka hoja zote katika orodha moja, kisha ziweke pamoja zinazozungumzia jambo moja, bila kujali zilitoka kipande gani. Hapo ndipo marudio yanapojitokeza, kwani ongezeko la wanachama litakuwa limetajwa na bodi, likarudiwa katika hesabu na tena katika hitimisho. Bakiza hoja iliyo kamili zaidi, nayo ibebe namba za slaidi zote tatu.

Hatua ya 4: Pambanua tofauti. Katika mfano wetu, slaidi ya 23 inasema mikopo iliyochelewa ni asilimia 9, ya 97 inasema asilimia 5, na ya 141 inasema asilimia 4. Kabla ya kuita hali hiyo mgongano, linganisha tarehe, eneo, namna ya kuhesabu na hadhi. Maandishi madogo chini ya chati ya slaidi ya 23 yanaonyesha kuwa imehesabiwa mikopo iliyochelewa kwa zaidi ya siku 30; slaidi ya 97 imehesabu iliyozidi siku 90; na ya 141 ni lengo la mwaka ujao kwa kipimo hicho cha siku 90. Takwimu zote tatu ni sahihi, na sentensi moja inazibeba:

“Mikopo iliyochelewa kwa zaidi ya siku 30 ni asilimia 9, na iliyozidi siku 90 ni asilimia 5, ambayo chama kinalenga kuishusha hadi asilimia 4 mwaka ujao (slaidi 23, 97, 141).”

Aliyefupisha bila kuandika kipimo angeripoti kwamba ucheleweshaji umeshuka kutoka asilimia 9 hadi 5, jambo ambalo wasilisho halikulisema popote. Kosa la aina hii ni baya kuliko marudio, maana msomaji hana njia ya kulitambua.

Hatua ya 5: Andika kutokana na orodha. Usiunganishe aya za mihtasari ya vipande. Andika upya kutoka katika orodha iliyopangwa, kisha rudi kwenye slaidi kuhakiki kila takwimu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikilinganisha yote hayo na bado takwimu mbili zikapingana, nichague ipi?*

Ndugu, usichague wala usitafute wastani. Taja zote mbili pamoja na slaidi zake, kisha muulize mwandaaji. Jedwali la hesabu zilizokaguliwa lina uzito kuliko slaidi ya utangulizi, lakini uzito huo hautoshi kukufanya uifute takwimu nyingine kimyakimya.

*Tukigawana vipande watu watatu, tutalindaje istilahi?*

Kubalianeni orodha fupi ya majina kabla ya kuanza. Mmoja akiandika “mikopo chechefu” na mwingine “mikopo iliyochelewa”, anayeunganisha atadhani ni mambo mawili, au atayafanya kuwa moja wakati vipimo vyake ni tofauti.

*Je, slaidi ya muhtasari iliyo mwanzoni haitoshi?*

Isome kwanza ili ujue mwandaaji anasisitiza nini, lakini usiifanye chanzo cha takwimu. Mara nyingi huandikwa mapema na kuachwa bila kusahihishwa baada ya majedwali ya ndani kubadilika, hivyo kila namba iliyomo itafutiwe slaidi yake ya ndani, na isiyopatikana iwekwe alama ya kuulizwa.