Kupata k ya kifungo bila kuhangaika na π na c

Wenzangu wa kemia hapa Njoro, karirini namba moja tu: 130.3. Gawanya nambawimbi (cm⁻¹) kwa hiyo, tafuta kipeo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa masi punguzi katika u. Hapo una k kwa N/m. Ndani yake tayari mna 2π, kasi ya mwanga na kugeuza u kuwa kilo, kule alama zinakopotelea.

HCl: 2886 ÷ 130.3 = 22.15, masi punguzi 0.980 (klorini-35, si 35.45), k ≈ 481. Hiyo 2886 husomwa kwenye pengo katikati ya vilele, si kwenye kilele kirefu. Ila kifungo si springi kamili: ukitumia 2991, iliyosahihishwa kwa hilo, k hupanda hadi 516. N₂ iacheni, haifyonzi infraredi.