Umelipa deni lakini bado unaonekana mdaiwa sugu: namna ya kurekebisha taarifa zako za mkopo

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwama kurejesha mkopo, akajikakamua akalipa wote, na sasa kila anakoomba mkopo mpya anaambiwa jina lake lina doa. Kazi yangu ni mikopo, na hapa Tanga watu wa namna hii nakutana nao kila mara: wauza samaki wa Deep Sea, mafundi wa Ngamiani, walimu. Nitatumia mfano wa mama mmoja wa Makorora niliyemsaidia. Alikopa Shs 3,000,000 anunue friza la samaki, biashara ikayumba, mkopo ukalala zaidi ya mwaka, kisha akaulipa.

Jambo moja lazima lieleweke kabla ya kuanza. Kinachofutika ni taarifa isiyo kweli. Kama ulichelewa kweli, historia ya kuchelewa haiondoki siku unayolipa. Kinachobadilika ni hali ya mkopo, kutoka kudaiwa kwenda kumalizika, na salio kuwa sifuri. Mtu anayekuomba hela "akufutie jina kwenye mfumo" anakuibia. Hakuna wakala mwenye mlango huo.

Hatua ya 1: Pata ripoti yako

Muulize aliyekunyima mkopo ameona taarifa zako kwa taasisi ipi ya taarifa za wakopaji. Baada ya kanuni za mwaka 2012, za kwanza kupewa leseni na Benki Kuu zilikuwa Creditinfo na Dun & Bradstreet. Omba ripoti kwa hiyo hiyo aliyoitumia yeye, ukiwa na kitambulisho cha NIDA.

Hatua ya 2: Isome mstari kwa mstari

Tafuta mkopo wenye tatizo, kisha angalia vitu vinne: salio, kiasi kilichochelewa, siku za kuchelewa, na tarehe ya mwisho ambayo mkopeshaji alituma taarifa. Kwa benki, mkopo ukipita siku 90 bila rejesho unaingia kundi la mikopo chechefu.

Hakikisha pia kwamba namba ya NIDA ni yako, tarakimu zote 20. Mkopo wa mtu mwingine mwenye jina kama lako unaweza kukuangukia, na hapo kazi ni nyingine kabisa: unakanusha mkopo wenyewe.

Ripoti ya yule mama ilionyesha salio la Shs 9,600, siku 412 za kuchelewa, hali chechefu. Yeye alikuwa na risiti za Shs 1,400,000, kiasi kile kile alichokubaliana na mkopeshaji kwamba kitamaliza deni lililobaki.

Hatua ya 3: Mfuate mkopeshaji, na upate barua

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo soma taratibu.

Wengi wanakimbilia taasisi ya taarifa za wakopaji. Taasisi haikuandika deni lako. Mkopeshaji ndiye anayetuma taarifa kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na taasisi inachota huko. Ukiilalamikia taasisi, itamuuliza mkopeshaji, na kama vitabu vyake bado vinakudai, jibu litarudi vile vile. Kwa hiyo vitabu vya mkopeshaji visafishwe kwanza.

Ile 9,600 ilitoka wapi? Mama alilipa sehemu ya mwisho kwa simu Ijumaa jioni. Malipo yaliingizwa kwenye akaunti ya mkopo Jumatatu, na kwa siku 3 hizo riba iliendelea kuhesabiwa, Shs 3,200 kwa siku. Mfumo ukakata riba hiyo kwanza, ukabakiza 9,600. Kwa kuwa akaunti haikufungwa, siku za kuchelewa ziliendelea kuhesabiwa kutoka lile rejesho la kwanza alilokosa. Mfumo haujali kwamba kilichobaki ni bei ya kilo chache za samaki.

Nakushauri usikimbilie kulipa hiyo 9,600. Ukiilipa leo kimya kimya, mkopo utaandikwa umefungwa leo, na ile miezi katikati itabaki kwenye historia yako kama miezi ya kudaiwa. Peleka risiti ya Ijumaa na karatasi ya makubaliano, uombe wafute riba hiyo na waandike tarehe halisi ya malipo. Kama huna makubaliano kwa maandishi, mkopeshaji ana haki ya kuidai. Hapo lipa, uendelee.

Kaunta, afisa alimwambia, "Mama, kwetu umeshamaliza, hayo ya huko si yetu." Akamjibu, "Sawa mwanangu, basi niandikie hivyo hivyo, na muhuri ugonge." Ndivyo inavyotakiwa. Maneno ya kaunta hayaendi popote, na ujumbe wa WhatsApp wa afisa siutegemei, kwa sababu afisa akihamishwa tawi unaondoka naye. Mimi naamini karatasi tu: barua yako nakala mbili, moja unawaachia, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Barua yao ya kumaliza deni iwe na jina lako kamili kama lilivyo NIDA, namba ya NIDA, namba ya akaunti ya mkopo, tarehe ya malipo ya mwisho, na sentensi inayosema salio ni sifuri na kwamba watarekebisha taarifa walizotuma. Ikikosa namba ya akaunti, irudishe. Ukiwahi kuwa na mikopo miwili kwao, barua isiyo na namba haithibitishi chochote.

Uwe macho na neno "umefutwa". Mkopeshaji akisema mkopo umefutwa vitabuni, mara nyingi maana yake ameuhesabu kama hasara kwake. Wewe bado unadaiwa, na kwenye ripoti hali hiyo ni mbaya kuliko zote. Uliza wazi: nimesamehewa, au mmeuondoa tu kwenye hesabu zenu?

Hatua ya 4: Peleka pingamizi kwenye taasisi

Ambatisha barua ya kumaliza deni, risiti na nakala ya kitambulisho. Taja mstari unaoupinga na unavyotaka usomeke. Kwa yule mama tuliandika: "Salio 9,600 lisomeke 0, hali isomeke umelipwa wote, tarehe ya kufungwa iwe ya risiti iliyoambatishwa." Ukiandika "naomba msafishe jina langu", hawajui waguse nini.

Hatua ya 5: Subiri, kisha kagua tena

Taarifa hutumwa kwa mzunguko wa mwezi, kwa hiyo usiombe ripoti mpya wiki inayofuata. Acha mwezi uishe na mwingine uanze. Tarehe ya kutumwa taarifa ikiwa mpya na salio bado lipo, tatizo limebaki kwa mkopeshaji. Tarehe ikiwa ile ya zamani, hawajatuma kitu.

Hatua ya 6: Wakikataa

Peleka malalamiko Benki Kuu. Hapa Tanga haina tawi. Andika makao makuu au tawi la Arusha. Wataanza kwa kuuliza kama ulimlalamikia mkopeshaji kwanza, na hapo ile nakala yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo jibu lako. Itoe photokopi, halisi baki nayo.

Ripoti ikishakaa sawa, mpelekee aliyekunyima pamoja na barua ya kumaliza deni. Miezi ya kuchelewa ataiona bado, kwa hiyo omba kiasi kidogo unachoweza kukirejesha kabla ya tarehe, na uombe kwa mkopeshaji mwenye leseni, anayetuma taarifa za mikopo inayolipwa vizuri pia. Mama wa Makorora alianza na Shs 500,000 za SACCOS.