Picha ya kipande na selfi: jinsi ya kulinganisha sura mbili bila kudanganywa na kamera

Kazi yangu ni kukagua picha za wateja wanaofungua akaunti kwa simu, yaani mashine ikishindwa kuamua inatuletea sisi watu. Huku Kenya shida kubwa ni umri wa picha: kipande, yaani kitambulisho cha taifa, kinachukuliwa ukifika miaka 18, na vile vya kizazi cha pili havina tarehe ya kuisha, kwa hiyo mtu wa miaka 34 anakuja na sura ya kijana aliyemaliza shule juzi. Nitatumia mfano huohuo mwanzo hadi mwisho: kipande cha kijana wa 18, uso mwembamba, picha ndogo isiyo na rangi, na selfi ya jamaa wa 34, mashavu yamejaa, ndevu, amekaa na dirisha nyuma yake.

1. Zilete picha sawa kwanza

Usianze kuangalia kama "wanafanana", hapo ndipo watu wanapotea. Kata picha zote mbili, zungusha kidogo ikibidi mpaka macho yakae usawa, halafu kuza au punguza mpaka nafasi kati ya mboni na mboni iwe sawa kwa picha zote. Badilisha selfi iwe nyeusi na nyeupe pia, maana rangi ya ngozi kwenye picha ni taa na kamera zaidi kuliko mtu.

Pia angalia kama kuna pikseli za kutosha. Viwango vya ICAO vya picha za pasipoti vinataka angalau pikseli 90 kati ya jicho na jicho. Kipande kilichopigwa picha kwa simu mara nyingi hakifiki hapo, na kama hakifiki basi usijidai unaona umbo la kope, unaona ukungu tu.

2. Jiulize picha ilipigwaje

Hii hatua watu wanairuka na ndiyo inaleta makosa mengi.

Umbali: selfi ya mkono mmoja inapigwa kama sentimita 30 kutoka usoni, picha ya kipande mpigaji amesimama mbali zaidi. Ukiwa karibu pua iko karibu na kamera kuliko masikio, kwa hiyo pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Hesabu iliyochapishwa 2018 ilionyesha pua kwa sentimita 30 inaonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko kwa mita moja na nusu. Kama huamini piga selfi mwenyewe, kisha mwambie mtu akupige kutoka mita 2 akivuta zumu, uweke hizo mbili pamoja. Kwa jamaa wetu pua inaonekana pana sana kuliko ya kipande, sasa hiyo siihesabu kama tofauti, bado.

Pembe: angalia masikio yamekaa wapi ukilinganisha na macho. Mtu akiinua kidevu masikio yanashuka, matundu ya pua yanaonekana na paji linakuwa fupi, akiinamisha kichwa ni kinyume chake. Jamaa ameshika simu chini, masikio yameshuka, kwa hiyo taya lake pana nalo nalitilia shaka.

Mwanga: dirisha likiwa nyuma, kamera inapima mwanga wa dirisha na uso unabaki giza, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaumia zaidi hapo kwa sababu vivuli vyote vinaungana, mstari wa pua unapotea, kovu halionekani. Taa ya juu nayo inaweka kivuli machoni mpaka mtu anaonekana ana macho ya ndani.

3. Toa umri

Kuanzia 18 hadi 34 vinavyobadilika ni mashavu, shingo, mstari wa taya, nywele za mbele, ndevu na kope za juu. Kwa hiyo uso mwembamba kuwa mnene si ushahidi wa upande wowote. Visivyobadilika kirahisi ni mikunjo ya ndani ya sikio, kama nyama ya chini ya sikio imeshikana na shavu au inaning'inia, na makovu. Sikio hurefuka mtu akizeeka lakini mikunjo yake inabaki ileile, mimi ndiyo naanza nayo kila nikiiona.

Kwa makovu na madoa kuwa makini na jambo moja: simu nyingine zinahifadhi selfi ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Soma maandishi ya fulana au ya kipande alichoshika, yakisomeka kinyume basi kovu la nyusi ya kushoto utaliona kulia.

4. Sehemu kwa sehemu

Sasa ndiyo unalinganisha. Kila tofauti uliyoona iulize: umri, pembe, umbali au mwanga vinaweza kuileta? Kwa jamaa wetu pua ni umbali, taya ni pembe pamoja na unene, macho ya giza ni dirisha. Sikio la kulia linaonekana kote, nyama ya chini imeshikana kote, nyusi ya kushoto imekatika palepale kote. Hakuna tofauti iliyobaki bila maelezo, ni yeye.

Lakini mashine ilimkataa. Ukitaka kuona kwa nini, jaribu hii ya bure, maktaba ya Python iitwayo face_recognition, kwa picha zako mwenyewe, ya zamani na ya leo:

```python
import face_recognition as fr
a = fr.face_encodings(fr.load_image_file("kipande.jpg"))[0]
b = fr.face_encodings(fr.load_image_file("selfi.jpg"))[0]
print(fr.face_distance([a], b)[0])
```

Namba ndogo maana yake sura ziko karibu, na mpaka wake wa kawaida ni 0.6. Mpaka umewekwa na mtu, mashine yenyewe haijui kitu kinaitwa ukweli. Tuseme jamaa kapata 0.63, amekataliwa kwa sababu ya dirisha na miaka 16. Ukiulegeza uwe 0.65 anapita, ila sasa wanapita na wengine wanaofanana naye.

Na wa kuogopa zaidi ni mdogo wake, ambaye hahitaji hata mpaka ulegezwe. Ana miaka 22, amechukua kipande cha kaka, amesimama kwenye mwanga mzuri, mwembamba kama kipande kilivyo, anaweza kupata 0.48 na jicho lako likasema ndiye kabisa. Angalia sikio: nyama ya chini inaning'inia. Hakuna taa wala umri unaoleta hiyo, na tofauti moja ya namna hii inafuta mfanano wote mwingine. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walipopima programu nyingi, ripoti ya 2019, makosa ya kukubali mtu mwingine yalitofautiana kati ya makundi ya watu kwa mara 10 hadi 100 kwenye programu nyingi, na Afrika Mashariki ni kati ya sehemu yalikokuwa juu.

5. Amua, na "sijui" ni jibu

Usijiamini eti umekaa kazini muda mrefu. Maofisa wa pasipoti wa Australia walipojaribiwa, utafiti wa 2014, walikubali picha ya mtu mwingine kama asilimia 14 ya mara, na miaka ya kazi haikuwasaidia. Kwa hiyo faili ngumu mpe mwenzako aamue peke yake bila kumwonyesha jibu lako wala namba ya mashine, maana akishaona 0.48 ameshakwisha.

Mkitofautiana omba picha mpya, na usiseme tu "tuma picha nzuri", mwambie: mtu mwingine akupige kutoka mita 2, uso uangalie dirisha, simu usawa wa macho, bila kofia, halafu moja ya upande sikio lionekane. Kwenye faili andika ulichoona, "nyama ya sikio la kulia: imeshikana kwenye kipande, inaning'inia kwenye selfi", usiandike "hafanani".