Mwache aombe akiwa Lubumbashi: ufadhili wa masomo na akiba ya ndugu aliye ng'ambo

Simu huja jioni, mtandao ukiwa umetulia. Mdogo wako amemaliza chuo, anafanya kazi kidogo kidogo mjini, na sasa anasema: "Yaya, unilete huko kwanza, buruse tutatafuta nikifika." Ni ombi la kawaida Lubumbashi, na ndugu wengi walioko Ulaya hulikubali kwa sababu linaonekana ndiyo njia fupi. Kwa aina kubwa ya ufadhili ambao Mkongomani anaweza kuupata kwa shahada ya uzamili, kumleta kwanza ndiko kunakoufunga mlango.

Sababu iko katika masharti. Fedha nyingi ambazo Ubelgiji na Ujerumani hutoa kwa wasomi wa nchi kama yetu hutoka kwenye bajeti ya ushirikiano wa maendeleo. Wanaozitoa wanamtafuta mtu anayefanya kazi nchini kwake, atakayesoma kisha arudi kuitumia elimu hapo. ARES, taasisi inayounganisha vyuo vikuu vya Ubelgiji vinavyofundisha kwa Kifaransa, humtaka mwombaji awe anaishi na kufanya kazi katika nchi inayoendelea siku anayowasilisha maombi, awe na umri usiofika miaka 40, na awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2 baada ya kuhitimu. VLIR-UOS, ambayo ni ya vyuo vya upande wa Waflemi, nayo hutaka mwombaji awe raia na mkazi wa nchi iliyo kwenye orodha yake. Ujerumani, DAAD, shirika linalofadhili wanafunzi na wasomi wa kigeni, ina mpango uitwao EPOS kwa kozi zinazohusu maendeleo: miaka 2 ya kazi, shahada ya mwisho isiwe imepita miaka 6, na mwombaji asiwe ameshaishi Ujerumani zaidi ya miezi 15. Aliyekwisha kuja kwa akiba yako, akasoma lugha mwaka mmoja na kozi ya maandalizi miezi michache, ameshapoteza nafasi hiyo. Tena ameipoteza kwa fedha zako.

Tuweke hesabu ili ionekane. Chukua ndugu anayefanya kazi Köln, mwenye dada aliyehitimu kilimo UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, mwaka 2021. Vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi karo, kwa hiyo barua ya chuo ikifika familia husema masomo ni ya bure. Ubalozi hauangalii karo peke yake. Unataka uthibitisho kwamba mwanafunzi ataishi kwa kitu, na njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 inatakiwa iwe na yuro 11,904 kwa mwaka. Benki humpa mwanafunzi yuro 992 kila mwezi, si zaidi. Uzamili wa miaka 2 ni yuro 23,808, kabla ya tiketi ya ndege na amana ya chumba. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kwa mwaka na anaweza kupunguza mzigo huo, ila mwaka wa kwanza, lugha ikiwa bado nzito, usiuhesabu sana mshahara wake.

Dada huyohuyo akiomba EPOS akiwa bado Lubumbashi na akapata, DAAD humpa zile yuro 992 kwa mwezi pamoja na bima ya afya na mchango wa nauli, na barua ya ufadhili inachukua nafasi ya akaunti iliyofungwa mbele ya ubalozi. Akiba ya ndugu inabaki benki. Tofauti hiyo, zaidi ya yuro elfu ishirini, ndiyo inayofaa kumfanya yaya avumilie mwaka mmoja wa kungoja.

Hapa pia ndipo pa kusoma barua kwa jicho kali. Barua inayosema umesamehewa karo si sawa na inayosema utalipiwa maisha. Ukipokea ya kwanza, uliza: chumba nani analipa, bima nani, tiketi nani, na mwaka wa pili je? Nimeona familia zikisherehekea ufadhili wa nusu, kisha zikauza kiwanja ili kujaza ile nusu nyingine.

Kwa mtu wa Lubumbashi, ARES mara nyingi ndiyo ya kwanza kuangalia, kwa sababu ya lugha. Kozi zake nyingi ni za Kifaransa, lugha aliyosomea tangu shule. EPOS kozi nyingi ni za Kiingereza, na cheti cha Kiingereza kinataka muda na makuta. Kama mdogo wako hajui Kiingereza leo, usimsukume EPOS ya mwaka huu. Mlipie darasa la lugha, aombe ARES sasa na EPOS mwaka ujao.

Sasa faili lenyewe. Kuna jambo moja linalowaangusha Wakongomani ambalo halihusiani na akili zao. Katika mfumo wa zamani, mtu alifanya graduati miaka 3, kisha lisansi miaka 2: jumla miaka 5 ya chuo. Ulaya, lisansi kwa kawaida ni miaka 3 tu. Msomaji wa faili huko Liège au Louvain akiona shahada ya lisansi bila maelezo, anaweza kumhesabu mwombaji kama mtu wa miaka 3, na kozi za uzamili maalumu zinazotaka miaka 5 zitamkatalia. Tiba ni rahisi. Aambatanishe diploma zote mbili, ya graduati na ya lisansi, na alama za miaka yote mitano, kuanzia G1 hadi L2. Katika wasifu wake aandike waziwazi: lisansi, mfumo wa kabla ya LMD, miaka 3 na 2. Wanaohitimu sasa chini ya LMD, ule mfumo mpya wa lisansi, uzamili na udaktari, hawana shida hiyo, lakini wenye miaka 2 ya kazi leo, wengi wao ni wa mfumo wa zamani.

Alama nazo zinahitaji mtetezi. Kwetu distinksyo huanzia asilimia 70, na darasa zima linaweza kumaliza bila hata mmoja kuifikia. Mtu aliyepata 68 na kuwa wa pili kati ya 90 ni mwanafunzi bora, lakini anayesoma kutoka nchi ambako 85 ni kawaida ataona mtu wa katikati. Nafasi ya mtu darasani haiandikwi kwenye diploma. Profesa ndiye wa kuiandika katika barua yake.

Barua za maprofesa ndizo zinazochelewa kuliko kitu chochote. Profesa wa kampasi ya Kassapa, UNILU, ana wanafunzi mamia, na ukimwendea mikono mitupu atakupa ile barua ya wote: mwanafunzi mwenye bidii, mwenye adabu, ninampendekeza. Haisaidii. Mdogo wako amfikishie karatasi moja yenye kozi aliyomfundisha na mwaka, alama aliyopata, nafasi yake darasani, kichwa cha kazi yake ya mwisho, jina la kozi anayoomba, na tarehe ya kufunga. Amwombe kwa heshima wiki sita mapema, kisha amkumbushe baada ya wiki mbili. Wewe uliye ng'ambo usimpigie profesa simu. Inaonekana kama unamsukuma mzee.

Uthibitisho wa kazi ni mtihani mwingine, maana watu wengi mjini wanafanya kazi bila mkataba: kwa mjomba, kwa shirika dogo, kwa kampuni inayohudumia migodi. Kinachotakiwa ni barua ya mwajiri yenye kichwa, muhuri, tarehe ya kuanza, cheo, na anachokifanya hasa. Asidanganye tarehe, kwa sababu mwajiri anaweza kuandikiwa barua pepe. Kama miaka 2 haijatimia, aombe mwaka utakaofuata, na tangu leo atunze kila hati ya malipo.

Majina pia. Jina la ukoo, la pili na la Kikristo hupangwa tofauti kwenye diploma na kwenye paspoti, au herufi moja imebadilika. Yalinganishwe kabla ya kitu chochote. Kusahihisha hati kunachukua wiki nyingi, na wiki hizo hazipatikani mwezi wa kufunga maombi. Kwa kozi nyingi maombi hufungwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza.

Barua ya nia ndiyo inayotenganisha faili mbili zenye alama sawa. Wengi huandika kwamba wanaipenda nchi yao na wanataka kuiendeleza. Mfadhili amesoma sentensi hiyo mara elfu. Yule dada wa kilimo ana kitu bora mkononi: Lubumbashi imeyeyusha shaba karibu na makazi kwa miongo mingi, udongo wa mitaa iliyo upande wa moshi una metali nzito, na akina mama wanalima mboga humo. Aandike hivi, kwa Kifaransa chake:

"Tangu 2022 ninafanya kazi na kikundi cha wakulima wa mboga pembezoni mwa jiji. Wanaulizwa sokoni kama mchicha wao ni salama na hatuna jibu, kwa sababu hakuna kati yetu anayejua kupima udongo na kuchagua mimea isiyovuta metali. Kozi hii inafundisha mambo hayo mawili. Nikirudi, nitaanza na bustani za kikundi hiki, na mwajiri wangu amekubali kunitunzia nafasi."

Aya hiyo ina mahali, watu, pengo la ujuzi, kozi inayolijaza, na kazi inayomsubiri. Ile sentensi ya mwisho lazima iwe kweli na iungwe mkono na barua ya mwajiri. Na kama mdogo wako moyoni hataki kurudi, mzungumze sasa, ndani ya familia, kwa sababu fedha hizi zimejengwa juu ya kurudi. Njia yake inaweza kuwa nyingine.

Makuta unayotaka kutuma, yatume hapa: intaneti ya kutosha, paspoti, nakala zilizothibitishwa, darasa la lugha, usafiri wa kufuata sahihi. ARES na DAAD zenyewe hazitozi ada ya maombi. Mtu yeyote mjini anayedai ada ya faili ili "alisukume" ndani ya kamati anakula jasho lako, hata akiwa na ofisi na fulana yenye nembo. Faili liwasilishwe siku tano kabla ya tarehe ya mwisho, maana umeme ukikatika usiku ule hakuna wa kumlalamikia.

Jibu likiwa hapana, asiache kazi. Mwaka mwingine kazini ni uzoefu zaidi, na faili lile lile, lililorekebishwa barua ya nia na kuongezewa cheti cha lugha, huingia tena msimu unaofuata. Cha kuchunga ni ukomo wa miaka 40 wa ARES na ile miaka 6 tangu shahada ya EPOS. Kwa aliyehitimu 2021, EPOS inakaribia kufunga, kwa hiyo dada huyu aanze na darasa la Kiingereza wiki hii.