Mambo ya kuzingatia kabla ya kuuliza kodi ya mshahara wako

Swali ambalo wahasibu huulizwa karibu kila wiki huja hivi: "Mshahara wangu ni 1,200,000, nitakatwa kodi shilingi ngapi?" Muulizaji hudhani ametaja kila kitu, kumbe kwa maneno hayo machache anaweza kupewa majibu manne yanayotofautiana, na yote yakawa sahihi kwa mtu fulani.

Jambo la kwanza la kuthibitisha ni iwapo kiasi hicho ni mshahara ghafi, yaani kabla ya makato yoyote, au ni fedha inayoingia benki mwisho wa mwezi. Tuchukue mfanyakazi wa kampuni binafsi Tanzania Bara, mwenye ajira moja na asiye na posho, kwa mshahara wa Machi 2024. Ikiwa 1,200,000 ni mshahara ghafi, kwanza hutolewa mchango wake wa NSSF wa asilimia 10, yaani 120,000, na kinachobaki kutozwa kodi ni 1,080,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi ya milioni moja ya kwanza ni 128,000, na kila shilingi inayozidi hapo hutozwa asilimia 30. Kwa hiyo 80,000 iliyozidi huzaa 24,000, na kodi yote ni 152,000. Lakini ikiwa 1,200,000 ndiyo anayopokea mkononi baada ya NSSF na kodi, mshahara wake ghafi ni takriban 1,631,700 na kodi inakaribia 268,600. Anayepanga kujadiliana na mwajiri mpya ndiye hasa anayepaswa kulijua hili, kwa sababu tangazo la kazi hutaja mshahara ghafi huku yeye akifikiria fedha ya mkononi.

Makato nayo yanahitaji kuelezwa moja moja kwa jina, kwa kuwa si kila kinachokatwa hupunguza kodi. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, akiba ya SACCOS na mkopo wa benki hukatwa kwenye mshahara uleule, na huuma kwelikweli, lakini kodi huhesabiwa kana kwamba hayapo. Mtu akisema tu kwamba "baada ya makato nabaki na laki saba", mhasibu hawezi kurudi nyuma hadi kwenye kodi bila kujua laki zilizotoweka zimekwenda wapi. Hata jina la mfuko lina uzito: mtumishi wa umma huchangia PSSSF asilimia 5, hivyo mwenye mshahara huohuo wa 1,200,000 hubakiwa na 1,140,000 ya kutozwa, na kodi yake hupanda hadi 170,000. Mwenye ajira mbili aseme pia ni ipi ya msingi, kwani mshahara wa ajira ya pili hutozwa asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza.

Nchi huachwa mara nyingi kwa kuwa muulizaji huiona dhahiri, ilhali "shilingi" ni fedha ya Kenya na Uganda pia. Utaratibu wenyewe hutofautiana: Kenya, kwa mfano, kodi ikishakokotolewa hupunguzwa nafuu binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, nafuu ambayo haimo katika hesabu ya Tanzania tuliyoifanya. Anayeishi nchi moja na kulipwa na mwajiri wa nchi nyingine ataje zote mbili, pamoja na siku anazokaa katika kila moja.

Kuhusu mwaka, ni vyema kutaja na mwezi. Viwango vya Tanzania hubadilishwa na sheria ya fedha inayoanza kutumika Julai, kwa hiyo mwaka mmoja wa kalenda unaweza kubeba viwango viwili. Mwaka 2021 ulikuwa hivyo: kiwango cha ngazi ya kwanza inayotozwa kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8, na mfanyakazi wetu wa mfano angekatwa 154,500 Juni, kisha 152,000 Julai.

Ukiwa na hati yako ya mshahara mkononi, anza kwa kutafuta mstari wa kipato kinachotozwa kodi. Kwa mfanyakazi huyu wa NSSF, mstari huo ukionyesha 1,200,000 na kodi ikawa 188,000, mchango wake haukutolewa kabla ya kukokotoa; tofauti ya 36,000 ni asilimia 30 ya ile 120,000 kamili, na hilo ndilo la kumpelekea mhasibu wa mishahara, pamoja na hati yenyewe.