Skripti mbili, kosa moja: jinsi ya kupeleka tuhuma ya udanganyifu wa mtihani

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa chuo ambaye ameketi na rundo la skripti usiku, feni inazunguka kivivu, umeme wa Mtwara ukiwa na hisani siku hiyo, kisha akakutana na skripti mbili zinazofanana kuliko inavyopaswa. Sizungumzii mwanafunzi aliyekamatwa ukumbini na nondo mfukoni. Yule ana msimamizi aliyemwona, ana karatasi yenyewe, na fomu ilijazwa palepale. Nazungumzia tuhuma inayozaliwa mezani wakati wa kusahihisha, ambayo shahidi wake pekee ni maandishi. Hiyo ndiyo inayowaharibia watu maisha kirahisi.

Kanuni za mitihani hutofautiana kati ya chuo na chuo, kwa hiyo anza kwa kusoma za kwenu, majina ya kamati na muda wa rufaa vikiwemo. Mfano nitakaoufuata ni wangu mwenyewe, wa somo la takwimu, darasa la watu 64, mtihani wa mwisho wa muhula wa kwanza.

Swali la nne lilikuwa hivi. AMCOS tatu za korosho zina wanachama 120, 80 na 200. Wastani wa kilo kwa mwanachama ni 450, 600 na 300. Tafuta wastani wa wanachama wote kwa pamoja. Unazidisha kila kundi, unapata 54,000, 48,000 na 60,000, jumla 162,000, unagawa kwa 400, jibu kilo 405. Skripti mbili ziliandika 297.

Hatua ya kwanza: maliza kusahihisha, usiandike kitu. Mkono utawasha. Usiandike "umeangalizia" kwa kalamu nyekundu, wala usiweke sifuri. Toa alama kama ambavyo ungempa mtu usiyemshuku, kisha weka skripti hizo pembeni. Ukishaweka sifuri umeshahukumu, na kamati itakayokaa baadaye itakuwa inatafuta sababu ya kukuunga mkono au kukuaibisha, wakati kazi yake ni kutafuta kilichotokea. Tena skripti ni ushahidi. Kila unachoandika juu yake unauchafua.

Toa nakala siku hiyohiyo, kurasa zote, hata zilizo tupu. Andika tarehe na saa uliyoona mfanano, na nani ameshika skripti tangu zitoke ukumbini.

Hatua ya pili: pima mfanano kabla ya kuuita ushahidi. Hapa ndipo pa kutumia muda. Majibu sahihi yanayofanana hayasemi chochote. Makosa yanayofanana yanaweza kusema, ila inategemea kosa lenyewe ni la kawaida kiasi gani. Katika darasa langu watu 23 waliandika 450. Walijumlisha 450, 600 na 300 wakagawa kwa tatu, wakasahau kwamba makundi hayalingani. Ningewashtaki wote 23? Hilo ni kosa la kutoelewa, na huenda lilianzia kwenye ufundishaji wangu.

Lakini 297 walikuwa nayo watu wawili tu. Nikarudi nyuma kuitafuta: ukiandika 80 mara 600 kuwa 4,800, sifuri moja ikapotea, jumla inakuwa 118,800, na ukigawa kwa 400 unapata 297. Skripti ya kwanza ilikuwa na 4,800 waziwazi. Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Iliandika 48,000, ambayo ni sahihi, halafu mstari unaofuata ukasema jumla ni 118,800. Jumla haikutokana na hesabu iliyo juu yake. Ilitoka mahali pengine.

Wakati huo nilikuwa na uhakika. Mwenzangu wa idara, mtu wa hesabu kuliko mimi, akaniambia, "Kaka, kabla hujaandika, hesabu jozi." Watu 64 wanatengeneza jozi 2,016, kwa sababu 64 mara 63 gawa kwa mbili. Tuseme bahati ya watu wawili wasio na hatia kufanana kiasi hicho ni moja kwa 1,000. Ukizipekua jozi zote ukitafuta zinazofanana, utegemee kukutana na mbili hivi zilizofanana kwa bahati tu. Kwa hiyo "ni nadra sana" si sawa na "ameangalizia". Nadra hutokea, ukiitafuta mahali pakubwa.

Hatua ya tatu: omba ramani ya ukaaji na fomu ya msimamizi. Viombe kwa ofisa mitihani kwa maandishi, bila kutaja majina kwa mtu mwingine yeyote. Ramani yangu ilionyesha mmoja kiti cha mstari wa pili, mwenziwe mstari wa mwisho, upande wa pili wa ukumbi. Kupiga chabo kwa umbali ule hakuwezekani. Fomu ya msimamizi haikuwa na tukio lolote, wala ruhusa za kwenda msalani hazikugongana. Mambo yanayopunguza tuhuma kama haya yanaingia kwenye ripoti sawasawa na yanayoiongeza. Ukiyaficha, mwanafunzi akayaleta mwenyewe mbele ya kamati, hakuna atakayekuamini tena.

Hatua ya nne: andika ripoti kwa mkuu wa idara. Igawe sehemu mbili. Ya kwanza ni uliyoyaona: namba ya swali, mstari, tarakimu, ni wangapi darasani wana kosa hilo, nafasi za viti. Ya pili ni unayoyadhani, na uyaite hivyo. Weka pia maelezo mengine yanayowezekana. Mimi niliandika kwamba aliyeandika 48,000 angeweza kubonyeza 4,800 kwenye kikokotozi kwa bahati mbaya. Usiandike "amenakili", andika "majibu yanafanana katika". Usiweke tabia zake, kwamba huchelewa kipindi au aliwahi kupata sapu. Hayo hayathibitishi chochote kuhusu swali la nne.

Omba matokeo ya somo hilo moja yazuiliwe mpaka shauri liishe. Ya masomo mengine yatoke. Mwanafunzi aendelee na vipindi kama kawaida. Na ukitoka ofisini kwa mkuu wa idara, mdomo ufungwe: si chumba cha walimu, si kundi la Wasapu, si darasani kwa mafumbo ya "wapo humu wanaojijua".

Hatua ya tano: barua kwa mwanafunzi. Hii haiandikwi na wewe, inaandikwa na chuo, lakini omba kuiona. Kila mmoja apate barua yake. Iseme "unatuhumiwa", itaje swali na mstari, iambatane na nakala ya skripti husika na ramani ya viti, na imweleze kwamba anaweza kujibu kwa maandishi na kuleta mashahidi. Barua isemayo tu "umefanya udanganyifu, fika Jumatatu saa tatu" haijibiki, maana mtu hajui anajitetea dhidi ya nini.

Muda ndio unaopuuzwa zaidi. Muhula wa kwanza unapoisha ni masika huku kwetu kusini, na mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa amerudi nyumbani Liwale. Anayeijua njia ya Liwale wakati wa mvua anajua kwamba taarifa ya siku mbili ni sawa na kutoitwa kabisa. Niliomba wapewe wiki mbili, na wapigiwe simu pia kuhakikisha barua imefika.

Wengine huuliza: kwani kamati ya chuo ni mahakama? Si mahakama. Lakini Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inapotaja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani haiishii mahakamani, inataja pia chombo kinginecho kinachoamua haki na wajibu wa mtu. Kifungu kinachofuata, (b), kinachokataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, kinazungumzia kosa la jinai. Hata hivyo chuo chenye busara hufuata roho yake, kwa sababu kudisko humkatia mtu bumu na kumrudisha nyumbani bila cheti, na hilo si jambo dogo kuliko faini nyingi za mahakamani.

Hatua ya sita: mbele ya kamati wewe ni shahidi. Eleza ulichoona, jibu maswali, ya mwanafunzi yakiwemo, kisha toka nje. Usikae wanapojadili hata kama wewe ni mjumbe wa kamati hiyo kwa cheo chako. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetuhumu. Mwanafunzi akikaa kimya, ukimya wake haujazi pengo la ushahidi wako. Na hata ikithibitika kwamba jibu limenakiliwa, bado lazima ijulikane nani alimnakili nani, na kama aliyenakiliwa aliruhusu. Kuwaadhibu wawili kwa sababu mmoja wao lazima ana kosa ni kumwadhibu mmoja bila kosa.

Siku ya shauri wanafunzi wangu walisikilizwa mmoja mmoja. Yule wa Liwale aliingia na bahasha. Ndani yake kulikuwa na karatasi chakavu, deso la kaka mmoja aliyekwisha kuhitimu, majibu ya jaribio la miaka mitatu nyuma. Swali lilikuwa lilelile, AMCOS zilezile, 120, 80 na 200. Mtungaji ni mimi. Nilikuwa nimelirudisha bila kubadilisha hata tarakimu. Na pale kwenye mstari wa pili, kwa mwandiko wa yule kaka, 4,800. Jumla 118,800. Jibu 297.

Walikuwa wamejisomea pamoja kwa karatasi ile. Mmoja alikariri yote, kosa likiwemo. Mwingine alizidisha mwenyewe akapata 48,000, kisha akaiamini kumbukumbu ya jumla kuliko mkono wake. Kusoma maswali ya zamani si udanganyifu kwa kanuni zetu. Karatasi ilikuwa imebaki nyumbani, ndani ya begi; kama yule wa Liwale angeitwa kwa siku mbili asingefika nayo.

Hatua ya saba: uamuzi na rufaa. Uamuzi uandikwe na sababu zake, sio "kamati imeona ana hatia" peke yake. Ukiwa wa hatia, barua imtajie ngazi ya rufaa na siku alizonazo, na wanaosikiliza rufaa wasiwe walewale. Ukiwa wa kumwachia, hakikisha mambo matatu yamefanyika: matokeo yametolewa kwa alama ulizoweka mwanzo, ofisa mitihani ameondoa alama ya zuio kwenye mfumo, na barua ya kumsafisha imeingia kwenye faili. Hilo la pili hukwama mara nyingi. Wa kwangu mmoja alikuja kuniambia wiki tatu baadaye kwamba somo bado linasoma "limezuiliwa", ikabidi nishuke naye mpaka ofisi ya mitihani, tukasimama hapo hadi likafunguliwa.