Viini vikirundikana: namna ya kutambua aina ya epithelia kwenye picha ya hadubini

Epithelia ya tabaka moja haiwasumbui sana wanafunzi. Seli zikiwa bapa, jibu ni ndani ya mishipa ya damu au vifuko vya hewa vya mapafu. Zikiwa mchemraba, ni mirija ya figo au tezi ya thairoidi, na zikiwa ndefu kama nguzo, ni tumbo, utumbo au mfuko wa nyongo. Wanapopotea ni pale viini vinapoonekana safu tatu, nne, hata sita. Hapo majibu matatu hugombea: epithelia bapa ya matabaka mengi, epithelia ya matabaka ya uongo, na epithelia badilifu. Nimesimamia mazoezi ya maabara ya histolojia kwa muda mrefu, na alama nyingi nimeona zikipotea hapo hapo. Hizi ndizo hatua ninazofuata.

Hatua ya 1: Tafuta uwazi, kisha msingi

Usianze na umbo la seli. Tafuta kwanza upande ulio wazi, yaani eneo jeupe lisilo na kitu, ambako hewa, chakula au mkojo hupita. Upande wa pili utakuta tishu unganishi, yenye nyuzi za waridi na mishipa midogo ya damu. Epithelia yenyewe haina mishipa ya damu, kwa hiyo ukiona chembe nyekundu za damu ndani ya kamrija, jua umeshavuka mpaka.

Kwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini, utando wa msingi kwa kawaida hauonekani. Usipoteze muda kuusaka. Fuata mstari wa viini vya chini kabisa, pale vinapokutana na nyuzi. Trakea ni tofauti kidogo: utando wake ni mnene, na huonekana kama ukanda wa waridi chini ya seli. Ukiuona, tayari una dokezo.

Hatua ya 2: Uliza kama mkato umenyooka

Hatua hii watu huiruka, nami naisisitiza kuliko zote. Tishu ikikatwa mshazari, hata epithelia ya tabaka moja huonekana ina matabaka matano. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea picha ya utumbo mwembamba akiwa na hakika kuwa ni matabaka mengi, kwa sababu pembeni mwa kinyweleo kimoja viini vilikuwa vimejaa kama punje. Nilimwambia ahamie kinyweleo cha jirani. Pale mkato ulipita wima, na viini vilikaa safu moja safi, kila kimoja karibu na msingi wa seli yake.

Kwa hiyo amua idadi ya matabaka mahali ambapo epithelia ni nyembamba zaidi na mpaka wake wa chini ni mkali. Ukiona viini vya duara vimetapakaa bila mpangilio wa juu na chini, huo ni mkato wa mshazari. Usihesabu hapo.

Hatua ya 3: Panda kutoka chini hadi juu ukifuata viini

Mipaka ya seli mara nyingi haionekani, lakini kiini huiga umbo la seli yake. Kiini bapa kinaashiria seli bapa, cha duara kinaashiria mchemraba, na cha yai lililosimama kinaashiria nguzo. Anza chini, panda taratibu, na uangalie viini vinabadilikaje.

Kwenye epithelia bapa ya matabaka mengi, mabadiliko huja polepole. Chini kuna seli fupi zenye viini vya duara, vilivyobanana na vyenye rangi nzito. Katikati seli huwa na pande nyingi. Kadiri unavyopanda viini hulala zaidi, hadi juu vinakuwa kama vijiti vilivyolazwa. Jina linatokana na tabaka la juu peke yake, na wanaosoma tabaka la chini ndio wanaoandika "mchemraba". Viini vikiwepo hadi juu, fikiria umio, mdomo au uke. Juu kukiwa na maganda ya waridi yasiyo na viini, hiyo ni keratini, nawe uko kwenye ngozi.

Kwenye matabaka ya uongo, seli zote zinagusa msingi, ila si zote zinazofika juu. Ndiyo maana viini hukaa katika vimo tofauti. Cha kutazama ni ukanda wa juu: chini ya uwazi kabisa hubaki sehemu ya waridi isiyo na kiini, kwa sababu seli zinazofika huko ni ndefu na viini vyao viko chini zaidi. Silia na seli za umbo la bilauri zikiongezeka, jibu ni njia ya hewa, kwa mfano trakea au tundu la pua. Kama badala yake kuna vishungi virefu visivyocheza, na hakuna seli za bilauri, fikiria epididimisi.

Tahadhari moja: swali likisema "njia ya hewa" usikimbilie jibu hilo. Kamba za sauti zimefunikwa na epithelia bapa ya matabaka mengi, maana zinagongana kila unapozungumza, na silia zisingestahimili.

Hatua ya 4: Tuifanyie kazi picha moja

Picha inaonyesha viini safu tano au sita. Uwazi uko juu, umejikunja mikunjo mikunjo. Mkato umenyooka. Chaguo ni umio, trakea, kibofu cha mkojo, na mfereji wa tezi ya jasho.

Tunapanda. Viini vya chini ni vya duara, vya katikati pia ni vya duara. Hakuna kulala polepole, kwa hiyo umio unaanza kuondoka. Tukifika juu tunakuta seli kubwa zilizovimba kuelekea kwenye uwazi kama kuba, kila moja imefunika seli kadhaa zilizo chini yake, na mbili kati yake zina viini viwili. Hakuna silia, na viini viko hadi karibu na uwazi, hivyo trakea imeondoka. Mfereji wa tezi ya jasho kwa kawaida una matabaka mawili tu ya mchemraba. Kilichobaki ni epithelia badilifu: kibofu.

Mtego huja kibofu kinapokuwa kimejaa. Epithelia ile ile hunyooshwa, safu hupungua hadi mbili au tatu, na seli za juu hulala. Hapo ndipo wengi huandika "bapa". Rudi kwenye seli za kati: kwenye epithelia bapa halisi kuna ngazi ya mabadiliko kutoka chini hadi juu, na kwenye badilifu iliyonyooshwa ngazi hiyo haipo. Tafuta pia seli ya juu iliyo pana kuliko wenzake wa chini, hasa yenye viini viwili.

Jambo la mwisho kuhusu picha hii. Epithelia badilifu hupatikana pia kwenye ureta na kwenye vikombe vya figo, na epithelia peke yake haitoshi kukuambia uko wapi. Kama chaguo ni kibofu na ureta kwa pamoja, punguza ukuzaji uone kiungo kizima. Ureta huonekana kama mrija mdogo wenye uwazi wa umbo la nyota, ukizungukwa pande zote na misuli. Ukuta wa kibofu ni mpana kiasi kwamba picha huonyesha kipande chake tu, na vifungu vinene vya misuli vinavyokwenda kila upande.